Jahazi libaki, rangi zibadilike

Nilikuwa na picha ya ufukweni: jahazi upande wa kushoto, mtoto amesimama kulia, na mstari wa upeo juu kidogo ya katikati. Nikaiambia programu: “Igeuze iwe mchoro wa Tingatinga.” Jahazi likahamia katikati, mtoto akatoweka, twiga akachomoza majini. Kosa lilikuwa langu. Michoro ya Tingatinga imejaa wanyama, na jina hilo peke yake huwaleta wote.

Mara ya pili nilianza na vya kubaki, kila kimoja na mahali pake: “Acha jahazi kushoto na tanga lake lile lile, mtoto kulia akiwa na ukubwa ule ule, upeo usisogee.” Kisha nikaeleza mtindo kwa sura yake: “Badilisha rangi na uchoraji tu: rangi nzito zinazong’aa, mistari myeusi, madoadoa, anga ya rangi moja. Usiongeze mnyama.”

Baadhi ya programu hazipokei amri. Zinataka uieleze picha iliyokwisha kamilika. Humo, kinacholinda mpangilio ni kipimo kiitwacho `strength`, cha 0 hadi 1. Kikikaribia 1, picha ya awali hufutika karibu yote. Kikiwa chini sana, rangi hazibadiliki. Mimi huanzia 0.5, nikipanda taratibu.

Ukimaliza, weka picha mpya juu ya ile ya zamani, uipunguzie uzito. Tanga likionekana mara mbili, limehama.