Kilomita kwa Saa, Mita kwa Sekunde

Nchini Kenya, matatu na mabasi ya abiria hufungwa kidhibiti mwendo ili yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kipimo hicho kinamfaa anayekadiria atafika Nakuru saa ngapi. Lakini dereva akiona mtoto barabarani, mguu wake huchukua kama sekunde moja na nusu kufika kwenye breki, na hapo tunataka kujua gari limekwenda mita ngapi.

Shuleni wengi hukaririshwa kugawa kwa 3.6. Kanuni ni sahihi, ila baada ya muda mtu hakumbuki kama alipaswa kugawa au kuzidisha. Afadhali vizio vyenyewe vikuongoze. Kilomita 1 ni mita 1000, kwa hiyo sehemu 1000 m/1 km thamani yake ni moja kamili. Ukizidisha kwa moja, kasi haibadiliki. Kinachobadilika ni kizio tu. Kadhalika saa 1 ni sekunde 3600.

80 km/saa × 1000 m/1 km × 1 saa/3600 s

Kilomita iko juu ya mstari mwanzoni, kwa hiyo kwenye sehemu ya pili tumeiweka chini ili zifutane. Saa ilikuwa chini, basi tumeipandisha juu. Zinabaki mita juu na sekunde chini: 80,000 gawanya kwa 3600, yaani takriban mita 22.2 kwa sekunde. Kwa sekunde moja na nusu, gari limekwenda mita 33 na breki bado haijaguswa.

Je, ukigeuza sehemu ya mwisho ukaandika 3600 s/1 saa? Saa hazifutani, bali zinarundikana mbili chini ya mstari, na sekunde inapanda juu. Hicho si kizio cha kasi, kwa hiyo unajua umekosea hata kabla ya kushika kikokotoo.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo vizio havilioni. Anayeandika kwamba saa 1 ni sekunde 60 atafuta kila kitu vizuri kabisa, kisha apate mita 1333 kwa sekunde. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na hakuna matatu inayoipita sauti, hata ile ya vijana yenye muziki mkubwa. Hapo jicho lako ndilo mkaguzi.

Kurudi upande wa pili ni kugeuza sehemu zote mbili. Mwaka 2021, jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, wastani wa mita 10.24 kwa sekunde:

10.24 m/s × 1 km/1000 m × 3600 s/1 saa

Jibu ni kama kilomita 36.9 kwa saa. Huo ni wastani tu. Kwa kuwa alianza akiwa amesimama, katikati ya mbio lazima alikwenda kasi zaidi ya hapo.