Nduthi Inatoa Moshi wa Bluu? Cheki Hizi Kabla Fundi Afungue Injini

Peleka nduthi ya moshi kwa fundi na mara nyingi utaskia jibu moja tu: "Buda, ringi zimeisha." Doo ya pistoni, ringi na kuchonga silinda inatoka, alafu wiki mbili baadaye bado unafukiza watu kwa stejini.

Shida ni hii: oili inaingia mahali mafuta huchomekea kwa njia mbili. Inaweza kupanda kutoka chini ikipita ringi zilizolika, ama ishuke kutoka juu, kwa hedi, ikipita valvu sili zilizokauka. Rangi ya moshi itakuwa ile ile. Kinachokuambia ukweli ni wakati moshi unatokea.

Kwanza, hiyo ni oili kweli?

Asubuhi ya baridi, kama uko Limuru, eksozi hutoa mvuke mweupe. Huo hupotea hewani haraka na injini ikipata joto unaisha. Usistuke. Moshi wa oili ni wa bluu-bluu, wakati mwingine unakaa mweupe mchafu, unanuka kuungua na unabaki ukielea. Nduthi kama Boksa 150 hupozwa na upepo, haina maji, kwa hivyo usidanganywe eti maji yameingia kwa injini kutoka kwa rejeta. Hiyo ni stori ya magari.

Pima oili pia, nduthi ikisimama wima mahali tambarare. Ukijaza kupita alama, injini nzima kabisa inaweza kutoa moshi.

Moshi wa sili

Sili ni kiraba kidogo kinachovaa shina la valvu, kuzuia oili ya hedi isishuke. Kikikauka, usiku oili inatiririka mos mos. Ukiwasha asubuhi, unaona wingu moja, kisha linaisha.

Ishara kubwa iko kwa mteremko. Tuseme unashuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Umeachilia mafuta na gia inashikilia nduthi. Kabureta imefungwa lakini pistoni bado inavuta, kwa hivyo inanyonya oili kupitia sili. Ukifika chini na uvute mafuta tena, wingu la bluu linatoka nyuma.

Moshi wa ringi

Huu hausubiri asubuhi wala mteremko. Unatoka ukipanda mlima na abiria wawili, na unazidi ukivuta mafuta. Nguvu inapungua na oili inaisha kati ya sevisi.

Chomoa paipu ya kupumulia inayotoka kwa injini kwenda boksi ya filta, injini ikiwa imewaka. Silinda moja hupumua kidogo kidogo, hiyo ni sawa. Lakini ikipuliza kwa nguvu na moshi unatoka hapo, gesi inapita kando ya pistoni.

Mwambie fundi apime

Injini ikiwa na joto, toa plagi, funga geji ya kompresheni, fungua mafuta yote kisha piga kiki mpaka mshale ukome kupanda. Tuseme inasoma 90. Mimina oili kama kijiko kimoja cha chai kwa tundu la plagi, piga kiki mara chache isambae, alafu pima tena. Ikiruka hadi 130, ile oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hivyo ringi zimelika. Ikibaki 90, pengine valvu hazikalii vizuri. Hiyo ni shida ingine, kwa sababu sili mbovu peke yake haishushi kompresheni.

Sasa rudi kwa ile nduthi ya Mai Mahiu. Kompresheni iko poa, paipu inapumua kawaida, na moshi ni wa asubuhi na wa mteremko tu. Hiyo ni sili. Hedi itatolewa, lakini pistoni haina makosa. Fundi akishatoa sili za zamani, mwambie atikise valvu ndani ya gaidi yake. Ikicheza kushoto-kulia, gaidi imelika na sili mpya haitakaa.

Kuna mtego mmoja. Ringi ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili. Ikikwama na masizi, zile za juu bado zinashikilia kompresheni, na geji itasema kila kitu kiko sawa. Kama kipimo ni kizuri lakini moshi hauachi ukiwa kwa mlima, amini moshi.

Ukiwa bado unatafuta doo ya kurekebisha, pima oili kila asubuhi na uongeze. Injini hii inabeba kama lita moja hivi, na ikikauka barabarani inashika. Hapo hata sili haitakuwa stori tena.