Kuudhika, Kukasirika, Kughadhibika

Mwandishi akitaka tuone kwamba mhusika wake ana hasira kubwa, kishawishi cha kwanza ni kuongeza "sana". Ikionekana haitoshi, anaongeza "sana" ya pili. Maneno ya kumwondolea shida hiyo yapo, na Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed (1998) itampa majirani wa neno lolote analolitafuta. Kujua lipi kati yao ni zito kuliko jingine, hilo ameachiwa mwenyewe.

Kipimo chake ni chepesi. Chukua maneno mawili uyatie katika sentensi hii: "Hakuudhika tu, alikasirika." Imekaa. Sasa igeuze: "Hakukasirika tu, aliudhika." Sikio linakataa, maana umepanda kisha ukateremka. Jaribu tena: "Hakukasirika tu, alighadhibika." Imekaa. Tayari una ngazi yenye vipago vitatu, na hukuhitaji kubishana na mtu.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na mipaka hiyo inafundisha. Weka kukereka na kuudhika, na utaona sentensi haina msimamo upande wowote. Sababu ni kwamba hayatofautiani sana kwa uzito, yanatofautiana kwa chanzo. Tunakereka kwa kitu kinachojirudia, kama redio ya jirani au bomba linalodondoka usiku kucha. Tunaudhika kwa tendo la mtu, hata likiwa la mara moja. Maneno mengine hayapandi ngazi kabisa. Kununa ni hasira ya uso na ukimya, kufoka ni ya mdomo, kuhamaki ni ya ghafla, na kinyongo ni ile iliyolala moyoni kwa muda. Mtu anaweza kununa kwa jambo dogo au kubwa. Neno lenyewe halisemi.

Tuchukue mteja aliyempelekea fundi cherehani kitambaa cha gauni la harusi. Jumatatu anaambiwa, "Dada, njoo Jumatano." Anaudhika, lakini bado anaaga kwa adabu. Jumatano kitambaa hakijakatwa hata mkasi mmoja; hapo anakasirika na kudai pesa zake. Ijumaa anamkuta mwanamke mwingine barazani, amevaa kitambaa kilekile. Hapa ndipo pa ghadhabu. Mwandishi aliyeandika "alighadhibika" Jumatatu amejikaanga: Ijumaa hana pa kwenda ila kwenye "sana sana" na alama tatu za mshangao. Juu ya ghadhabu kuna kupandwa na mori, lakini mori unataka vitendo. Aliyepandwa na mori hajadiliani, anatupa mkasi. (Kurasa za michezo zimeulainisha: kocha akiwapandisha wachezaji mori, anawatia tu ari.)

Hofu nayo huanza chini kabisa na wasiwasi, ambao mara nyingi hauna sura: mtoto amechelewa kurudi, simu haipokelewi. Hofu yenyewe inajua inachokiogopa. Ikizidi, maneno huacha kueleza moyo na kuanza kueleza akili iliyopotea. Mwenye kiwewe hana habari na anachokifanya. Nyumba inaungua, yeye anatoka amekumbatia mto na kuacha sanduku la pesa. Ndiyo maana "alipatwa na kiwewe, akaanza kupanga jinsi ya kutoroka" ni sentensi iliyovunjika. Anayepanga ana hofu tu, hata iwe kubwa vipi.

Woga usichanganywe na hofu, kwa sababu woga ni tabia. Askari asiye mwoga anaweza kuwa na hofu usiku wa vita, na hapo ndipo hadithi nzuri huanzia. Kicho nacho kina njia yake, kwa kuwa ni hofu iliyochanganyika na heshima, mbele ya Mungu au mkubwa. Kiherehere kilikuwa neno zuri la moyo unaodunda kwa wasiwasi. Leo ukiliandika, wasomaji wengi watamwona mtu wa kimbelembele, kwa hiyo mimi siligusi pasipo muktadha ulio wazi.

Furaha ndiyo inayosumbua zaidi. Vipago vya chini vipo: kuridhika, kufurahi, kuchangamka. Bashasha huonekana usoni, hata kwa mwenyeji anayepokea wageni asiowapenda, kwa hiyo hupima ukarimu kuliko moyo. Ukipanda zaidi unakuta shangwe, nderemo, vifijo na hoihoi, na yote ni ya watu wengi, yenye sauti. Huwezi kuandika kwamba binti alipokea barua ya kazi chumbani peke yake "kwa nderemo". Kilele cha furaha ya mtu mmoja tumezoea kukiachia mwili: alilia kwa furaha, meno yote yalikuwa nje, hakujua aketi au asimame. Kwa binti yule na barua yake ningechagua hilo la mwisho, kisha nimtoe uani awaambie wenzake, ndipo nderemo zipate pa kuanzia.