Bega Linapokwama

Kichwa cha mwanasesere kimetoka, kisha kikarudi nyuma, mashavu yakabana kwenye msamba. Mwanafunzi anayezalisha anapaza sauti: "Bega limekwama!" Mwenzake anaandika saa, na atataja kila dakika inayopita, maana mtoto ameanza kukosa oksijeni. Anayeigiza mama anaambiwa asisukume kwanza.

Wawili wanashika miguu, kila mmoja wake, na kukunja mapaja hadi yakaribie tumbo. Mara nyingi mkao huu, pamoja na kubonyeza, hutosha. Wa tatu anabonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena, akitokea upande wa mgongo wa mtoto, ili bega lisogee kuelekea kifuani. Hapa ndipo wanafunzi hukosea: mkono hupanda hadi juu ya tumbo. Kusukuma huko hulikandamiza bega zaidi na kunaweza kupasua mfuko wa uzazi. Kuvuta kichwa kwa nguvu nako hujeruhi neva za mkono.

Leo bega limegoma. Mzalishaji anaingiza mkono upande wa nyuma, anakunja kiwiko cha mtoto, anaupitisha mkono mbele ya kifua na kuutoa. Mwili unafuata. Ingeshindikana, wangejaribu kuzungusha mabega kwa ndani, au kumgeuza mama apige magoti na kuegemea mikono. Mtoto anapokewa na aliyesimama tayari na mfuko wa kupumulishia.