Fahamu: Umaskini pekee hautambulishi nchi

Picha ya angani ikionyesha nyumba zilizobanana, wengi hukimbilia kutaja nchi ya Afrika. Lakini makazi duni yako mabara mengi. Tazama kwanza mapaa na njia. Kibera, Nairobi, ina safu ndefu za vyumba vya kupanga chini ya mabati yenye kutu, na reli inapita humo. Huko Manzese, Dar es Salaam, nyumba nyingi husimama mojamoja, kila moja na paa lake. Rocinha, Rio de Janeiro, hupanda mlima kwa matofali mekundu, mapaa bapa ya zege na matangi ya maji ya buluu. Villa El Salvador, Lima, iliyoanzishwa 1971 na familia zisizo na ardhi, ina mitaa iliyonyooka. Usipoona alama za namna hiyo, usitaje nchi.