Tisa Tatu na Tiketi ya Basi

"Mtandao hakuna, mama, subiri kidogo." Kijana wa dirishani aliniambia hivyo wiki ya mwisho ya Desemba, kwenye stendi ya Mbezi, nyuma yangu foleni ikiwa imefika kwenye mabegi. Simu yangu ilikuwa imeshapokea ujumbe kwamba nauli imekatwa. Tiketi haikuwapo. Baada ya saa moja na nusu ilitoka, nami nikasafiri nikiwa na swali: mfumo huu unatangazwa kupatikana kwa asilimia 99.9, sasa hii saa moja na nusu imetoka wapi?

Asilimia 99.9 mafundi huiita tisa tatu, kwa kuhesabu tarakimu za tisa zilizomo. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Tisa tatu zinaruhusu sehemu moja katika elfu ipotee, yaani dakika 43 na kidogo. Kwa tisa nne, asilimia 99.99, zinabaki dakika nne na sekunde chache. Kwa tisa mbili, huduma inaweza kulala saa saba na dakika 12 kila mwezi bila ahadi kuvunjwa. Tena hesabu haiulizi dakika hizo zimeangukia lini, usiku wa manane au siku mbili kabla ya Krismasi.

Ila tiketi haitegemei kitu kimoja. Ili nipate yangu, vitu vitano lazima viwe vinafanya kazi kwa wakati mmoja: intaneti ya ofisi, seva ya kampuni, hifadhidata yenye orodha ya viti, malipo ya simu, na huduma inayotuma tiketi kwa ujumbe mfupi. Tuseme kila kimoja kina tisa tatu zake. Seva ikiwa hai kwa dakika 999 katika kila elfu, hifadhidata nayo hukosekana mara moja moja ndani ya hizo 999, na malipo vivyo hivyo ndani ya zilizobaki. Kwa hiyo tunazidisha:

```
0.999 × 0.999 × 0.999 × 0.999 × 0.999 = 0.99501
```

Hiyo ni asilimia 99.5. Dakika 43 zimekuwa saa tatu na dakika 36 kwa mwezi, na hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyedanganya. Malipo ya simu yakiwa na asilimia 99 tu, mnyororo mzima unashuka hadi 98.6, karibu saa kumi za mwezi. Hapo kununua seva bora ni kupoteza fedha, kwa sababu jumla haiwezi kuipita pete iliyo dhaifu kuliko zote.

Dawa ya kwanza ni kukata utegemezi usio wa lazima. Ujumbe mfupi, kwa mfano, una haja gani ya kuzuia tiketi? Ichapwe palepale, ujumbe usubiri kwenye foleni ya mfumo hadi njia ifunguke. Pete zinabaki nne, na muda wa kukosa huduma unashuka hadi chini kidogo ya saa tatu. Ni badiliko la siku chache kwa mwandishi wa programu.

Dawa ya pili ni kuweka vitu viwili viwili. Njia mbili za intaneti, kila moja ya asilimia 99, zinakosekana pamoja kwa 0.01 × 0.01, yaani mara moja katika elfu kumi. Kwenye karatasi tayari tuna tisa nne. Hesabu hiyo inasimama endapo tu njia hizo hazifi kwa sababu moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Ofisi iliyolipia kampuni mbili za intaneti, zote zikipita kwenye nyaya hizo, ilikuwa na njia moja yenye ankara mbili.

Sasa mkataba wa kiwango cha huduma. Wengi huusoma kama dhamana kwamba kitu hakitazimika. Ukweli ni kwamba unataja kiasi utakachopunguziwa kikizimika. Mkataba wa Amazon wa seva za EC2 unaahidi asilimia 99.99 kwa mwezi katika ngazi ya eneo zima. Ikishuka chini ya hapo lakini isifike chini ya 99, mteja hupata salio la asilimia 10 ya malipo ya huduma iliyoathirika. Tuseme kampuni ya mabasi inalipa shilingi 300,000 kwa mwezi na huduma imezimika saa nne. Hizo ni dakika 240, upatikanaji ni asilimia 99.44, na salio ni shilingi 30,000. Kama abiria 60 wa nauli ya 45,000 wamehamia basi la jirani, hasara ni shilingi 2,700,000, na hiyo haiandikwi popote kwenye mkataba.

Na hata hizo 30,000 haziji zenyewe. Mteja lazima adai, akitaja tarehe na saa za kukatika pamoja na kumbukumbu za makosa, kabla ya mzunguko wa pili wa ankara kuisha. Hitilafu za intaneti ya mteja mwenyewe hazihesabiwi. Kijana wa Mbezi alikuwa na daftari la mizigo, la abiria na la parseli. La saa za mtandao kukatika hakuwa nalo.