Orodha ya Kumaliza Husomwa Kutoka Nyuma

Chukua nyumba ya chumba na sebule. Msingi hutangulia kuta. Kuta zikisimama, mafundi wanaweza kuezeka paa, na fundi umeme anaweza kuchimbia ukutani mabomba ya kupitishia nyaya. Hayo mawili hayategemeani. Lolote linaweza kutangulia. Lakini lipu haipigwi mpaka yote mawili yaishe, kwa sababu mvua isiyozuiwa na paa itaiharibu, na fundi umeme akija baadaye ataibomoa. Lipu ikikauka, ndipo rangi.

Kazi sita, na kati yake masharti sita ya aina ya “hii kabla ya ile”. Ukichora kila sharti kama mshale unaotoka kwenye kazi inayotangulia kwenda kwenye kazi inayofuata, unapata mchoro ambao kompyuta inaweza kuusoma. Swali lake ni moja: zipange kazi zote kwenye mstari mmoja bila kuvunja mshale hata mmoja. Wataalamu huuita mstari huo mpangilio wa kitopolojia. Ndivyo programu zinavyoamua faili lipi liandaliwe kabla ya lipi, na ndivyo lahajedwali inavyojua kisanduku cha kukokotoa kwanza.

Njia mojawapo maarufu ya kuupata ni upekuzi wa kina kwanza. Programu huingia kwenye kazi, ikafuata mshale wa kwanza unaotoka hapo, ikaingia kazi inayofuata, ikaendelea hivyo mpaka ifike mahali pasipo na mshale wa kwenda mbele. Hapo kazi hiyo “inafungwa”, na programu inarudi nyuma hatua moja kutazama kama kuna mshale mwingine uliobaki. Kazi hufungwa pale tu mishale yake yote imekwisha kufuatwa. Katika maelezo mengi ya haraka utasoma kwamba ukiziandika kazi kwa utaratibu zilivyofungwa, umepata mpangilio. Je, orodha hiyo ni halali ilivyoandikwa?

Tuifuate kwa mkono. Tunaanza na msingi, tunaingia kuta. Kuta zina mishale miwili; tuchukue wa paa kwanza. Kutoka paa tunaingia lipu, kutoka lipu tunaingia rangi. Rangi haina mshale wa kutoka, kwa hiyo inafungwa, ya kwanza kabisa. Tunarudi lipu, haina kingine, inafungwa. Paa linafungwa. Tunarudi kuta, ambako bado kuna mshale wa bomba. Tunaingia bomba, tunakuta mshale wake unaelekea lipu, na lipu imekwisha kufungwa, basi bomba nalo linafungwa. Zinafuata kuta, halafu msingi. Orodha ya kufungwa inasomeka hivi: rangi, lipu, paa, bomba, kuta, msingi.

Hakuna fundi atakayekubali kuanza na rangi. Na si kwamba orodha imekosea mahali fulani. Imevunja mishale yote sita. Igeuze, uisome kutoka mwisho: msingi, kuta, bomba, paa, lipu, rangi. Sasa mishale yote sita imeheshimiwa.

Hili halikutokea kwa bahati ya mfano wetu. Fikiria mshale wowote, kutoka kazi A kwenda kazi B, na ujiulize programu iko wapi wakati inautazama. Iko ndani ya A, ambayo bado iko wazi. B inaweza kuwa katika hali tatu tu. Kama haijaguswa, programu itaingia humo, itaimaliza, kisha ndipo irudi kuifunga A. Kama imekwisha kufungwa, basi imeitangulia A tayari. Kama B nayo iko wazi, maana yake tumetoka B tukafika A, na sasa A inaturudisha B: huo ni mzunguko, na kwenye mzunguko hakuna mpangilio wowote unaowezekana. Kwa hiyo, pasipo na mzunguko, B hufungwa kabla ya A kila mara, popote ulipoanzia. Orodha ya kufungwa ikiachwa ilivyo huvunja kila mshale uliopo, na ikigeuzwa huheshimu kila mmoja. Hali pekee ambayo haina kosa ni pale ambapo hakuna mshale hata mmoja, na hapo hakukuwa na swali la kupanga.

Ndiyo maana kitabu cha Cormen, Leiserson na Rivest kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990, ambacho vyuo vingi hufundishia somo hili, hakisemi “andika kazi zinavyofungwa” kisha kikaishia hapo. Kinaagiza kila kazi inayofungwa iwekwe mbele ya orodha, yaani kabla ya zote zilizokwisha kuwekwa. Neno “mbele” ndilo linalobeba ugeuzaji wote, na ndilo linaloanguka mtu anaponakili kwa haraka.

Kwa kompyuta, njia nyepesi ni kuongeza mwishoni na kugeuza mara moja tu:

```python
def tembelea(kazi):
    hali[kazi] = "wazi"
    for ijayo in mishale[kazi]:
        if ijayo not in hali:
            tembelea(ijayo)
        elif hali[ijayo] == "wazi":
            raise ValueError("mzunguko")
    hali[kazi] = "imefungwa"
    orodha.append(kazi)

for kazi in sorted(mishale):
    if kazi not in hali:
        tembelea(kazi)
orodha.reverse()
```

Tazama mahali `orodha.reverse()` ilipokaa: nje, baada ya kila kitu kwisha. Mahali hapo pana uzito kuliko panavyoonekana. Katika programu hii tunaanza kwa alfabeti, kwa hiyo kazi ya kwanza kuguswa ni bomba. Kutoka bomba tunaingia lipu na rangi, na zinafungwa rangi, lipu, bomba. Upekuzi wa pili unaanzia kuta: paa linafungwa, kisha kuta. Wa tatu unaanzia msingi, ambao unafungwa peke yake. Geuza yote kwa pamoja unapata msingi, kuta, paa, bomba, lipu, rangi. Ni tofauti kidogo na mpangilio wa kwanza, paa na bomba zimebadilishana, lakini ni halali vilevile.

Sasa mtu aweke ugeuzaji ndani ya kitanzi, ageuze kila kipande kinapomalizika na kukiunganisha na kilichotangulia. Atapata bomba, lipu, rangi, kisha kuta, paa, halafu msingi. Mishale mitatu imevunjika: msingi uko nyuma ya kuta, kuta ziko nyuma ya bomba, na paa liko nyuma ya lipu. Mitatu mingine iko sawa. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko kusahau kugeuza kabisa. Orodha inayoanza na rangi na kuishia na msingi inajitangaza yenyewe, lakini hii ina vipande vyenye mantiki ndani yake, na mtu akiijaribu kwa kuanzia msingi tu, ambako upekuzi mmoja unafika kila kazi, haoni kosa lolote. Litaibuka siku data itakapoingia kwa utaratibu mwingine.

Kuna wanaofikiri dawa ni kuandika kazi zinapoguswa badala ya zinapofungwa, maana hapo msingi unakuja wa kwanza bila kugeuza chochote. Rudi kwenye safari yetu ya kwanza: tuligusa msingi, kuta, paa, lipu, rangi, na mwisho kabisa bomba. Mshale mmoja tu umevunjika, lakini ni ule wa fundi umeme anayekuja kuchimba ukuta uliokwisha kupigwa lipu na kupakwa rangi. Wakati wa kuigusa lipu, programu haikuwa na habari kwamba kuna bomba linalopaswa kuitangulia. Wakati wa kufunga ndipo habari zote zinakuwa zimepatikana.

Kagua matokeo kwa njia hii: ipe kila kazi namba ya nafasi yake kwenye orodha, kisha pitia mishale yote na uhakikishe kila mara namba ya mtangulizi ni ndogo kuliko ya mfuasi. Usilinganishe orodha yako na ya mwenzako neno kwa neno, kwani tumeona kazi hizi sita zina mipangilio miwili halali.

Mzunguko nao unahitaji hali zile mbili, “wazi” na “imefungwa”. Tuseme mtu ameongeza kimakosa mshale wa kutoka lipu kwenda bomba. Programu isiyouliza kama kazi iko wazi itaruka mshale huo kwa kuwa bomba limekwisha kuguswa, na itatoa orodha ileile ya mwanzo bila kulalamika, ingawa kazi hizi sasa haziwezi kupangika. Na ile inayopiga kelele kila ikikutana na kazi iliyoguswa itakosea upande wa pili: paa linapoelekea lipu iliyokwisha kufungwa hakuna mzunguko wowote, ni njia mbili tu zinazokutana.

Kuna mahali ambapo orodha ya kufungwa ni halali bila kuguswa, nako ni pale mishale inapochorwa kwa maana ya kinyume: si “hii kabla ya ile” bali “hii inahitaji ile”. Rangi inahitaji lipu, lipu inahitaji paa na bomba. Ukiingia rangi na kufuata mahitaji, kazi ya kwanza kufungwa ni msingi, na ya mwisho ni rangi. Hivyo ndivyo ifanyavyo `make`, programu aliyoiandika Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976. Huandikwa lengo, nukta pacha, kisha vinavyohitajika, na amri za lengo hutekelezwa baada ya mahitaji yake kukamilika. Mtu akiongeza ugeuzaji hapo kwa sababu “kitabu kimesema”, ameharibu kitu kilichokuwa sahihi.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kama ugeuze au usigeuze, soma mshale mmoja kwa sauti na ujue unasema nini. Zana zenyewe hazikubaliani. Amri ya `tsort` kwenye Yuniksi hupokea majina mawili mawili, na la kwanza ndilo linalotangulia. `TopologicalSorter` ya Python, iliyokuja na toleo la 3.9 mwaka 2020, hupokea kila kazi pamoja na watangulizi wake. Ukiipa kamusi yetu ya `mishale` kama ilivyo, itasoma kwamba msingi unasubiri kuta, haitaonyesha kosa lolote, na itakurudishia orodha inayoanza na rangi.